Picha za wanamitindo kama rejea ya mchoro: za bure, za kununua, pakiti za pozi, au upige mwenyewe?

"Kaka, huyu mama si ndiye yule wa tangazo la benki?"

Hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyotamka mteja nilipomfungulia rasimu. Lilikuwa bango la kuwahimiza watu wanaokohoa zaidi ya wiki mbili waende kupima kifua kikuu, nami nilikuwa nimemchora mama wa makamo, kajitanda kanga, kiganja mdomoni, macho yamechoka. Sura niliitoa kwenye picha ya stoki niliyoilipia, yaani moja ya zile zilizowekwa tayari mtandaoni ili yeyote azitumie kwa leseni. Nikakana. Mteja akatoa simu, akapekua kidogo, akanionyesha: mama yuleyule, kishimo kilekile cha kidevuni, anatabasamu na kadi ya benki mkononi.

Aibu niliimeza. Tatizo lenyewe nililigundua usiku, nilipoisoma leseni ambayo mchana nilikuwa nimeibofya tu ili ipite. Ilikataza kumwonyesha mwanamitindo kama mgonjwa.

Tangu siku hiyo, kabla ya kuchagua picha ya rejea nauliza maswali mawili. Sura ya mtu itabaki ikitambulika kwenye mchoro wangu? Na mchoro unakwenda wapi: mazoezini, kwenye jalada la kitabu, kwenye fulana za kuuza, au kwenye bango linalomtangaza mtu kuwa ni mgonjwa? Majibu ya hayo mawili ndiyo yanayoamua ni chanzo gani kati ya vinne kinakufaa. (Picha za stoki wengine huziita "picha za hisa", tafsiri ya mashine hiyo, kana kwamba zitakulipa gawio mwisho wa mwaka. Mimi nabaki na stoki, kama stoki ya dukani.)

Picha moja, wenyewe wawili

Kila picha ya mtu ina wenyewe wawili. Wa kwanza ni mpiga picha, mwenye hakimiliki. Wa pili ni aliyepigwa, mwenye sura yake. Leseni unayopewa na tovuti kwa kawaida inatoka kwa yule wa kwanza. Idhini ya yule wa pili hutolewa kwa karatasi nyingine kabisa, hati ya ridhaa ya mwanamitindo, ambayo inaweza kuwapo au isiwepo.

Mfano unaojulikana ni wa mwaka 2007. Kampuni ya simu ya Virgin Mobile nchini Australia ilichukua kwenye Flickr, mtandao wa kuwekea picha, picha ya msichana wa Teksasi, ikaiweka kwenye tangazo lenye maneno ya kumkejeli. Picha ilikuwa na leseni ya Creative Commons, leseni huria ambayo mwenye kazi huiweka ili wengine waitumie, na hiyo iliruhusu hata matumizi ya biashara, alimradi mpiga picha atajwe. Kwa upande wa mpiga picha, basi, mlango ulikuwa wazi. Msichana mwenyewe hakuwa ameulizwa na mtu. Familia ikashtaki huko Teksasi, na kesi ikaishia njiani kwa sababu mahakama ilijiona haina mamlaka juu ya kampuni ya Australia. Somo kwa mchoraji liko palepale: leseni za Creative Commons zinahusu hakimiliki, hazikupi sura ya mtu.

Na kuchora kwa mkono hakukutoi kwenye mtego huu. Ukichora ndugu yangu akatambulika, umetumia sura yake, iwe kwa wino au kwa kamera.

Za bure na za kununua, bega kwa bega

Hapa ndipo wengi tunaposimama tukisitasita: Unsplash na Pexels upande mmoja, Shutterstock, iStock na Adobe Stock upande wa pili. Tofauti inayoonekana ni pesa. Tofauti yenye uzito ni ile hati ya ridhaa.

Leseni ya Unsplash ni fupi, inasomeka kwa pumzi moja. Unaruhusiwa kupakua na kutumia bure, kwa biashara au bila biashara, bila kuomba ruhusa. Kumtaja mpiga picha ni hiari njema. Usiuze picha bila kuibadilisha kwa kiasi kikubwa, na usizikusanye kuanzisha tovuti kama yao. Mchoraji akisoma hapo anashangilia, maana kuchora upya kwa mkono ni badiliko kubwa. Lakini fungua na masharti marefu ya matumizi. Humo wanasema wazi kwamba leseni haijumuishi haki ya kutumia sura za watu wanaotambulika pichani, nembo za biashara, wala kazi za sanaa zinazoonekana. Yaani wanakupa mwanga, pembe na mkunjo wa kanga. Uso, kamtafute mwenyewe.

Pexels wanaliweka kwa namna nyingine. Watu wanaotambulika wasionyeshwe vibaya wala kwa namna ya kuwaudhi, na usifanye ionekane kwamba aliye pichani anaunga mkono bidhaa yako. Ni sharti la heshima, lakini halisemi kwamba mtu huyo alisaini chochote. Mtu yeyote anaweza kupiga picha ya binamu yake ufukweni na kuipandisha.

Jambo moja la tarehe, kwa sababu linawachanganya wengi: hadi Juni 2017 picha za Unsplash zilitolewa kwa CC0, ambayo ni kuachia haki zote, na Pixabay, tovuti nyingine ya picha za bure, nao walikuwa hivyo hadi Januari 2019. Baada ya hapo kila mmoja akaja na leseni yake. Makala za zamani zinazosema "Unsplash ni mali ya umma" zilikuwa kweli zilipoandikwa. Usizifuate leo.

Sasa njoo upande wa kununua. Ukilipia picha ya biashara yenye mtu, kwa kawaida wakala, yaani tovuti inayoiuza, ameshapokea hati ya ridhaa iliyosainiwa na mwanamitindo, na ukurasa wa picha unakuambia hivyo. Ukikuta maandishi `Editorial Use Only`, simama. Hiyo ni picha ya habari: hati ya ridhaa haipo au haijakamilika, na huwezi kuitumia kwenye tangazo, bidhaa au jalada linalouza. Picha nyingi nzuri za sokoni, bandarini na za mikutano zina alama hiyo, ndiyo maana zina uhai mwingi kuliko zile za studio. Zinavutia sana kuchora. Kwa mazoezi ya daftarini hakuna atakayekusumbua. Kwa kazi ya mteja, ziache.

Leseni ya kawaida ya Shutterstock, na ya iStock, inaruhusu nakala za kuchapwa hadi 500,000. Kwa jalada la riwaya la kwetu hiyo ni sawa na kuambiwa usizidi kunywa bahari. Kinachobana ni bidhaa. Picha ikiwa ndiyo inayouza kitu, kama fulana, kikombe, kalenda au printi ya ukutani, unahitaji leseni pana zaidi, na bei yake iko mbali na ile ya kawaida. Adobe wana kifungu ambacho wachoraji watakipenda: ukiibadilisha picha mpaka kazi mpya haifanani kimsingi na ya asili na inahesabika kuwa ubunifu wako, zuio hilo la bidhaa halikugusi. Neno zito hapo ni "haifanani". Kukopi uso kwa penseli, mstari kwa mstari, ni kufanana.

Halafu ugonjwa, ambao ndio ulionikamata. Shutterstock wanakataza kumwonyesha mwanamitindo kwa namna ambayo mtu mwenye akili timamu ingemuudhi, na wanataja orodha: ponografia, huduma za kutafuta wachumba, matangazo ya tumbaku, kampeni za siasa, uhalifu, na mtu kuonekana anaugua au kutumia dawa za ugonjwa wa mwili au wa akili. iStock na Getty, ambao ni nyumba moja, wanakwenda njia tofauti: mada nyeti unaweza kuigusa, ila lazima uandike kwamba picha ni ya kielelezo tu na anayeonekana ni mwanamitindo. Kwa hiyo mchoro uleule, mama yuleyule anayekohoa, kwa wakala mmoja umekatazwa na kwa mwingine unapita ukiongezwa sentensi moja chini ya bango. Sisi tunaochora mabango ya UKIMWI, nasaha, afya ya akili na uzazi tuna sababu ya kuisoma sehemu hiyo kabla ya kuangalia bei.

Na bado ile aibu ya benki haitibiki kwa leseni yoyote ya kawaida, kwa sababu leseni hizi si za mtu mmoja. Picha uliyonunua wewe wameinunua na wengine. Kabla ya kuchora uso wa stoki, ipitishe picha kwenye Google Lens au TinEye, zinazokutafutia mahali pengine picha hiyo ilipotumika. Ukiona sura hiyo inauza bima, mafuta ya nywele na mikopo ya haraka, jua wateja wako nao wameiona.

Kuikopi na kujifunzia: mstari uko wapi?

Wachoraji tuna msemo unaozunguka kila mwaka kwamba ukibadilisha asilimia 30 ya picha inakuwa yako. Sheria hiyo haipo popote. Pozi peke yake si mali ya mtu; binadamu wote tunakaa, tunainama, tunashika tama. Kinacholindwa ni uchaguzi wa mpiga picha ukiwa pamoja: pozi hili, kwa pembe hii, mwanga huu ukitokea hapa, nguo imekunjwa hivi, fremu imekatwa pale.

Kesi ya Luxembourg inaonyesha vizuri. Mwaka 2022 mwanafunzi mmoja wa sanaa alionyesha kwenye maonyesho ya huko Strassen mchoro wa rangi za mafuta, akazawadiwa euro 1,500. Mpiga picha Jingna Zhang akautambua: ulikuwa picha yake ya mwanamitindo aliyoipiga kwa ajili ya jarida la Harper's Bazaar Vietnam, imegeuzwa tu kama kwenye kioo. Mahakama ya kwanza ilimkatalia, ikiona pozi lile halina upekee wa kutosha. Rufaa ikageuza uamuzi Mei 2024, ikampa haki mpiga picha. Kugeuza kushoto kuwa kulia hakukumsaidia mchoraji, wala kubadilisha kamera kuwa brashi.

Kesi ya pili inahusu neno "rejea" lenyewe, na kwa mtu wa kazi zetu ni tamu kuliko zote. Lynn Goldsmith alimpiga picha mwanamuziki Prince mwaka 1981. Mwaka 1984 picha moja ilikodishwa kwa jarida la Vanity Fair kwa dola 400, kwa leseni iliyosema ni rejea ya msanii, itumike mara moja tu. Msanii akawa Andy Warhol. Jarida likatoka, lakini Warhol alikuwa ameendelea kutengeneza michoro mingine mingi kutoka picha ileile. Prince alipofariki mwaka 2016, mmoja wa michoro hiyo ulitumika kwenye jalada la jarida la kumbukumbu, na taasisi ya Warhol ikalipwa dola 10,000. Goldsmith hakupata kitu. Shauri likafika Mahakama ya Juu ya Marekani, na tarehe 18 Mei 2023 majaji 7 dhidi ya 2 wakaona kwamba kuukodisha mchoro ule kwa jarida hakukuwa na kinga ya matumizi ya haki, ile inayoruhusu kutumia kazi ya mwingine bila ruhusa yake, maana ulifanya kazi ileile ya picha ya asili: sura ya Prince kwenye habari ya Prince.

Tazama kilichouzwa kwa dola 400. Kilikuwa ruhusa ya kuchora kwa ajili ya jarida moja, mara moja. Leseni ya rejea ina mipaka kama leseni nyingine yoyote, na mchoro unaozaliwa humo unatoka na kamba yake mguuni. Ukinunua picha leo kwa ajili ya jalada, halafu mwakani mchapishaji akataka mchoro uleule kwenye mifuko ya kitenge, rudi kasome upya.

Kipimo ninachotumia nyumbani ni rahisi. Naweka picha ya rejea juu ya mchoro wangu kwenye kompyuta, nikiipunguza uzito hadi nusu ili mchoro uonekane chini yake. Kama kingo za uso, mabega na vivuli zinalaliana, nimekopi, hata kama nilijidanganya kwamba nilikuwa "naangalia tu". Kama mkono umetoka picha moja, mwanga picha nyingine, na uso nimeutunga kwa kuchanganya watu watatu, hakuna kitakachokaa juu ya kingine. Kwa njia hiyo hata Unsplash inatosha kwa kazi ya mteja, kwa sababu hakuna mwenye sura atakayejiona pale wala mpiga picha atakayeitambua fremu yake. Gharama yake ni muda. Uso wa kutunga unanichukua siku mbili; wa kukopi nusu siku.

Pakiti za pozi

Kuna chanzo cha tatu ambacho wachoraji wa huku hatukizoei sana. Ni picha zilizopigwa makusudi kwa ajili ya wachoraji: mwanamitindo mmoja, pozi mamia, kila pozi likizungukwa pande zote, mwanga mkali wa upande mmoja ili misuli isomeke. Zinauzwa kwa pakiti. Kwenye DeviantArt, mtandao wa wasanii, wapo pia wanaojipiga wenyewe kwa saa ya kamera na kuzitoa bure, na hapo lile tatizo la wenyewe wawili linayeyuka: mpiga picha na mwanamitindo ni mtu mmoja, na kanuni kaziandika mwenyewe.

Kanuni hizo hutofautiana mtu na mtu. Wengi wanaruhusu uchore na uuze mchoro uliokamilika. Wanakataza kugawa mafaili. Wengine wanataka uwape kiungo, au uombe ruhusa kabla ya kuuza printi. Angalia hasa kama wanaruhusu kubandika vipande vya picha ndani ya mchoro, maana wapo wanaokubali rejea na kukataa kubandika. Na mtu binafsi anaweza kufunga akaunti kesho, kanuni zikapotea naye. Siku unayopakua, piga picha ya skrini ya ukurasa wa kanuni ikiwa na tarehe na anwani, uitie kwenye folda moja na faili. Fanya hivyo hata kwa tovuti kubwa, kwa sababu mpiga picha anaweza kuondoa picha yake, na wewe ukabaki huna pa kuonyesha uliipata kwa masharti gani.

Udhaifu wa pakiti hizi kwetu ni mavazi na miili. Mashujaa wenye panga ni wengi. Mama anayejifunga leso kiunoni huwezi kumpata. Kwa anatomia sina chanzo kinachozishinda. Kwa bango la zahanati hazinifai.

Kupiga mwenyewe

Bango lile niliishia kumpiga picha shangazi yangu, dirishani, saa 10 jioni, kwa simu. Hapo hakimiliki ni yangu, kilichobaki ni sura yake. Kuwa ndugu hakutoshi. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na mwaka 2023 kamishna wa data alikitoza kiota kimoja cha burudani cha Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Shangazi hatanishtaki, lakini mteja wangu ana haki ya kuona karatasi. Nikaandika hivi:

"Mimi, ______, nakubali picha nilizopigwa tarehe ______ zitumike kama rejea ya mchoro wa bango la elimu ya kifua kikuu. Naelewa kwamba kwenye mchoro nitaonekana kama mtu anayeugua na kwamba ninaweza kutambulika. Bango litachapwa na kuwekwa mtandaoni. Picha zenyewe hazitatolewa kwa mtu mwingine. Nimelipwa shilingi ______."

Sentensi ya pili ndiyo yenye kazi. Hati nyingi za kunakili mtandaoni zinasema "kwa matumizi yoyote", na ridhaa pana namna hiyo ndiyo inayozaa ugomvi siku mtu anapojiona ukutani kama mgonjwa. Taja ugonjwa, taja mahali. Kwa mtoto anasaini mzazi au mlezi, nami hata hivyo uso wa mtoto naubadilisha.

Ikiwa nachagua leo, basi: mazoezi, pakiti za pozi au picha yoyote. Jalada lenye uso, picha ya kulipia yenye hati ya ridhaa, au uso wa kutunga. Fulana na printi, picha yangu mwenyewe, kwa sababu leseni pana inameza faida kabla sijauza ya kumi. Bango la afya, picha yangu na karatasi iliyosainiwa. Nikikosa mtu, iStock na ile sentensi ya mwanamitindo chini kwa herufi zinazosomeka.

Shangazi aliisoma karatasi mara mbili, miwani puani. Akaniomba kalamu, akaongeza kwa mkono wake chini ya sahihi: "Lisibandikwe zahanati ya kwetu." Mteja alipoiona akacheka, kisha akaingiza kijiji hicho kwenye orodha ya vituo vitakavyopelekewa lile bango la zamani la maandishi matupu.